Kupanga bajeti ya familia kwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ukitokea Mtwara au Lindi

Kila likizo ya Juni ikikaribia, ndugu na jamaa wa Mtwara, Lindi, Masasi na Nachingwea wanaleta swali lilelile: "Kiingilio cha Nyerere ni shilingi ngapi?" Anayeuliza anataka tarakimu moja tu, aizidishe kwa idadi ya watu wa nyumbani kwake, basi. Tarakimu hiyo haipo. Getini kila mtu analipa kwa umri wake na uraia wake. Gari linalipiwa kwa uzito wake na mahali lilikosajiliwa. Na vyote hivyo vinahesabiwa kwa saa, si kwa siku ya kalenda. Ukiyajua hayo matatu kabla ya kutoka nyumbani, hesabu yako na ya mhudumu wa getini zitalingana mpaka shilingi ya mwisho.

Nimechukua Nyerere kwa sababu ndiyo hifadhi kubwa ya wanyama inayofikika kwa familia ya huku kusini bila kupita Dar es Salaam. Unashika barabara ya lami kutoka Mtwara, Lindi, Nangurukuru, Somanga, unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, unapita Ikwiriri mpaka Kibiti. Hapo unaacha lami na kushika barabara ya vumbi kwenda kijiji cha Mloka na geti la Mtemere. Mikumi ni nzuri, lakini mtu wa Mtwara lazima kwanza afike Dar ndipo aanze kuelekea Morogoro, na mafuta ya mzunguko huo yanakula fedha ya kulala usiku mwingine mzima.

Kabla hujaanza, kusanya hivi

- Vitambulisho vya NIDA vya watu wazima wote, au namba zao.
- Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, nakala inatosha. Hata wa mtoto mdogo kabisa.
- Pasipoti na kibali cha ukaazi cha yeyote asiye raia.
- Kadi ya gari.
- Jedwali la ada la TANAPA la mwaka wa fedha mtakaosafiri.
- Daftari, kalamu na kikokotoo cha simu.

Hatua ya 1: Shika jedwali sahihi

Kosa la kwanza hutokea hapa, nalo linatokana na historia. Eneo hili lote zamani lilikuwa Pori la Akiba la Selous. Mwaka 2019 sehemu kubwa ilimegwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, chini ya TANAPA. Pori la akiba lililobaki liko chini ya TAWA. Ni taasisi mbili zenye ada mbili tofauti. Wazee wengi wa huku bado wanaita kote "Selous", kwa hiyo kijana akienda mtandaoni anatafuta ada za Selous na anaangukia jedwali la TAWA. Ukipitia Mtemere, jedwali lako ni la TANAPA.

Ukilipata, angalia mambo mawili kabla ya kunakili chochote. La kwanza ni mwaka. Serikali inafunga mwaka wa fedha tarehe 30 Juni na kufungua mwingine tarehe 1 Julai, na ada mpya zikiwepo huanza na mwaka mpya. Likizo ya katikati ya mwaka inaangukia hapohapo. Ukipanga Februari kwa safari ya Julai, usifunge bajeti yako mpaka umeona jedwali la mwaka unaoanza Julai.

La pili ni VAT. Ada za TANAPA huandikwa kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, na kodi hiyo ni asilimia 18. Ukinakili ada bila kuiongeza, hesabu yako ya geti imepungukiwa na asilimia 18 yake kabla hata hujawasha gari. Andika pembeni ya kila ukurasa: zidisha kwa 1.18.

Hatua ya 2: Panga watu kwa umri na uraia

Chora safu mbili kwenye daftari, ya umri na ya uraia, kisha mwandike kila mtu kwa jina.

Kwa umri makundi ni matatu. Aliye chini ya miaka 5 haingii kwenye hesabu. Wa miaka 5 mpaka 15 analipa ada ya mtoto. Kuanzia miaka 16 ni mtu mzima, hata kama yuko kidato cha tatu na bado anaamka kwa kuvutwa shuka. Wazazi wengi hukwama kwa huyu wa 16, maana wamezoea kwamba mwanafunzi ni nusu nauli. Kitambulisho cha shule hakimrudishi kwenye ada ya mtoto anaposafiri na wazazi wake. Angalia pia tarehe ya kuzaliwa dhidi ya tarehe ya safari. Mtoto anayetimiza miaka 5 wiki moja kabla ya safari ameshahama kundi.

Kwa uraia makundi ni matatu vilevile: raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, mgeni anayeishi Tanzania kwa kibali, na mgeni asiyeishi Tanzania. Raia wa Kenya au Uganda analipa kwa shilingi kama sisi, alimradi awe na hati ya kuonyesha.

Sisi wa mpakani tuna jambo letu hapa, na ndilo linalopasua bajeti nyingi za Mtwara. Familia zetu ziko pande zote mbili za Ruvuma. Shemeji yuko Mueda, binamu yuko Pemba, wanavuka kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala au kwa kivuko, wanakaa mwezi mzima nyumbani, na ikifika safari mnaondoka nao. Getini undugu hauhesabiwi, inahesabiwa pasipoti. Msumbiji haimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Imo SADC, na SADC haina safu kwenye jedwali hili. Shemeji mwenye pasipoti ya Msumbiji analipa ada ya mgeni, kwa dola. Kwa Nyerere ada hiyo kwa mtu mzima imekuwa dola 70 kabla ya VAT, yaani dola 82.60 ukiijumlisha. Chukua kiwango cha kubadilishia cha shilingi 2,500 ili tu tuone ukubwa wake, unapata shilingi 206,500 kwa mtu mmoja kwa saa 24. Hali ni ileile kwa ndugu aliyehamia Ulaya akachukua uraia wa huko.

Zungumzeni mapema, nyumbani, si getini. Mwambie: "Shemeji, kwa sheria ya hifadhi wewe unalipa kama mgeni, ni laki mbili na kidogo, tunachangia au unajilipia?" Hakuna aibu katika kuuliza hivyo wiki tatu kabla. Kuna aibu kubwa kumuuliza saa 12 asubuhi, wakati gari zima linamsubiri yeye.

Hatua ya 3: Soma kadi ya gari

Gari linalipa ada yake pekee, mbali na watu waliomo. Vinavyoangaliwa ni viwili.

Kwanza usajili. Gari lenye namba za Tanzania linalipa kwa shilingi. Lenye namba za nje linalipa kwa dola na kwa kiwango kingine kabisa. Kwa hiyo kama mlikuwa na wazo la kwenda na gari la binamu la Msumbiji kwa kuwa lina nafasi, liacheni nyumbani.

Pili uzito. Ada imepangwa kwa ngazi, na ngazi ya chini kabisa ni gari lisilozidi kilo 2,000. Kinachoangaliwa ni uzito wa gari tupu, bila abiria wala mizigo. Fungua kadi ya gari na uutafute. Kadi ina mistari miwili ya uzito, wa gari tupu na wa gari likiwa na mzigo wake wote. Mtu anasoma ule mkubwa, anaogopa, anapandisha bajeti bila sababu. Mwingine hasomi kabisa, anakisia.

Kwa magari yetu, IST na Noah ziko mbali chini ya kilo 2,000. Land Cruiser zile ngumu za kazi kwa kawaida zinapita. Ya kutazama kwa makini ni Prado, kwa sababu iko palepale mpakani. Prado mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa moja chini na nyingine juu ya kilo 2,000, kutegemea injini na toleo. Kadi ndiyo inayoamua.

Lakini gari kulipa ada ndogo si sawa na gari kufaa. Barabara ya Kibiti kwenda Mloka ina zaidi ya kilomita 100 za vumbi, mchanga na makorongo. Njia za ndani ya hifadhi zina mchanga mzito karibu na maziwa na udongo mweusi unaonata ukipata mvua. Noah inaweza kufika Mloka kiangazi ikiendeshwa taratibu, ila usiingie nayo hifadhini. Familia yenye gari dogo ifanye hivi: fikeni Mloka na gari lenu, liegesheni mnapolala, kodini gari la utalii la palepale kwa siku moja ya kuingia. Usikodi Land Cruiser kutoka Mtwara kwa siku tatu wakati unaihitaji kwa siku moja. Hilo ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote ninayoyaona, na linazidi mara kadhaa ada zote za getini mkizijumlisha.

Ukikodi Mloka, muulize mwenye gari mambo matatu na umwombe ayaandike kwenye ujumbe wa simu: bei inajumuisha ada ya gari getini? Inajumuisha kiingilio cha dereva? Inajumuisha mafuta? Dereva wa kukodi naye ni kichwa. Kama hakuna aliyesema atamlipia, utamlipia wewe.

Hatua ya 4: Panga saa kabla ya kupanga siku

Kibali cha kuingia kinadumu saa 24 tangu mlipoingia, na ni cha kuingia mara moja. Mkitoka kwenda kula Mloka mkarudi, mmeingia upya na mnalipa upya, watu wote na gari. Geti linafunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni.

Sasa tazama safari ya kutoka Mtwara. Mkiondoka saa 11 alfajiri, na watoto garini, mnasimama Lindi kwa chai na Nangurukuru kwa haja, mtafika Kibiti mchana na Mloka alasiri, saa 10 hivi. Watu wanaona geti liko karibu, wanasema "tuingie kidogo tuone". Kwa familia inayolala nje ya hifadhi hiyo ni hasara tupu. Mmenunua saa 24, mmetumia mbili, na kesho alfajiri mnalipa tena. Laleni Mloka. Ingieni kesho yake saa 12 asubuhi kamili, mkiwa na chakula na maji ya kutwa nzima garini, mtoke jioni.

Njia nyingine ni kulala ndani kwenye kambi ya mahema. Mkiingia saa 8 mchana, mnapata jioni ya leo na alfajiri ya kesho, ambazo ndizo saa wanyama wanapotembea, na mnatoka kabla ya saa 8 mchana kwa kiingilio kimoja. Mnaongeza ada ya kupiga kambi, ambayo ni kwa kila kichwa kwa kila usiku. Kwa vijana na watoto wakubwa naona hii ndiyo bora. Kwa familia yenye bibi wa miaka sabini na mtoto wa miaka mitatu, hapana; usiku kuna fisi na tembo wanapita karibu na mahema, na choo kiko hatua kadhaa gizani. Mkitaka hoteli za ndani, jueni kwamba nazo hutozwa ada ya hifadhi kwa kila mgeni kwa kila usiku. Uliza kama bei uliyopewa inaijumuisha.

Kuhusu majira, nendeni kati ya Juni na Oktoba. Wengi wetu fedha inaingia wakati wa minada ya korosho, Oktoba mpaka Desemba, na watoto wako likizo Desemba, kwa hiyo kishawishi ni kwenda palepale. Mvua zikishaanza, njia za ndani zinaharibika. Tengeni fedha ya safari malipo ya korosho yanapoingia, iwekeni akaunti ya pembeni, msafiri Juni. Machi mpaka Mei msijaribu kabisa. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya kusini eneo la Somanga, na magari yakalala njiani pande zote mbili.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya geti

Tuichukue familia moja ya Mtwara mjini. Baba, mama, bibi, na watoto wa miaka 16, 12, 8 na 3. Gari ni Prado yao wenyewe, kadi inasema kilo 1,940 likiwa tupu. Wanalala Mloka, wanaingia mara moja. Kwa ajili ya kukokotoa natumia ada za mfano: mtu mzima shilingi 10,000, mtoto 2,000, gari la ngazi ya kwanza 20,000, zote kabla ya VAT. Wewe ukifika hapa futa zangu, weka zilizo kwenye jedwali lako.

Watu wazima ni wanne, si watatu, kwa sababu ya yule wa miaka 16: 4 × 10,000 = 40,000.
Watoto wa kulipa ni wawili: 2 × 2,000 = 4,000.
Wa miaka 3: hakuna.
Gari: 20,000.

Jumla ni 64,000. Zidisha kwa 1.18, inakuwa shilingi 75,520. Wakiamua kuingia siku mbili huku wakilala nje, ni mara mbili, 151,040.

Sasa mwongeze shemeji wa Mueda. Peke yake ni 206,500, zaidi ya mara mbili na nusu ya familia nzima pamoja na gari lao. Ndiyo maana nimekaa muda mrefu kwenye Hatua ya 2.

Hatua ya 6: Mafuta

Hapa ndipo fedha ilipo, na watu wanapita haraka. Kutoka Mtwara mpaka Kibiti ni takriban kilomita 420, na Kibiti mpaka Mtemere weka 110. Ndani ya hifadhi weka 100 kwa siku nzima ya kuzunguka. Ukitokea Lindi mjini punguza kilomita 110 hivi kila upande.

Gawanya lami na vumbi, usiweke wastani mmoja. Lami kwenda na kurudi ni kilomita 840. Vumbi kwenda na kurudi ni 220, na 100 za ndani, jumla 320. Prado ya petroli ikienda kilomita 8 kwa lita kwenye lami na 5 kwenye vumbi na mchanga, ni lita 105 na lita 64, jumla 169. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa kupotea njia na kukwama: lita 186. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 558,000.

Bei halisi utaipata EWURA. Wanatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na mafuta yanayoshushwa bandari ya Mtwara yana safu yake mbali na ya Dar. Jaza tangi Mtwara au Lindi, jaza tena Kibiti hata kama limepungua robo tu. Baada ya Kibiti usitegemee kituo. Mafuta ya madumu kijijini ni ghali, na huwezi kujua yamechanganywa na nini.

Hatua ya 7: Vitu vya kundi

Baada ya vichwa na gari, kuna gharama za aina ya tatu, zinazolipwa na kundi zima bila kujali mko wangapi. Askari mwongozaji anayepanda nanyi garini ni mmoja wao. Kama baba ndiye dereva na hamjawahi kufika, mchukueni. Njia zinafanana, mabango ni machache, na yeye anajua simba walilala upande gani. Hakikisha tu umemwachia kiti. Prado iliyojaa mpaka siti ya nyuma haina pa kumweka.

Boti ya Mto Rufiji ni nyingine, na ndicho kitu ambacho watoto hukikumbuka kuliko vyote. Viboko na mamba mnawaona kwa karibu bila kuhangaika. Boti zingine zinauzwa kwa kichwa, zingine kwa boti nzima. Familia ya watu saba ikodi boti nzima. Uliza kama kuna majaketi ya kuokolea ya saizi ya watoto, na kama hakuna ya mtoto wa miaka mitatu, mmoja wenu abaki naye nchi kavu. Uliza pia kama boti inaingia ndani ya mpaka wa hifadhi, maana hapo kiingilio kinarudi.

Kwa familia yetu: geti 75,520, mafuta 558,000, vyumba viwili kwa usiku mbili tuseme 200,000, chakula cha siku tatu 210,000, boti 150,000. Jumla 1,193,520. Weka akiba ya asilimia 15, ambayo ni 179,028, upate 1,372,548. Tazama geti limekula kiasi gani: chini ya asilimia 7. Kwa familia ya raia watupu, anayebana bajeti kwa kumwacha bibi nyumbani anaokoa elfu kumi na moja na mia nane. Anayeacha kukodi gari kwa siku asizolihitaji anaokoa malaki.

Hatua ya 8: Lipa

Getini hawapokei fedha taslimu. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu, benki au kadi. Weka fedha kwenye simu ukiwa bado Kibiti, pamoja na makato, na ugawe kwenye mitandao miwili kwa simu mbili tofauti, kwa sababu mtandao wa huko hautabiriki. Kabla ya kulipa, mwombe mhudumu akusomee alivyowaandika: wazima wangapi, watoto wangapi, gari ngazi gani, muda gani. Linganisha na daftari. Kurekebisha kabla ya kulipa ni dakika mbili. Baada ya kulipa ni barua na kusubiri.

Mambo yakienda kombo

*Jumla ya getini imezidi yako.* Angalia kwanza VAT, kisha mtoto wa miaka 16, kisha ngazi ya gari, kwa mpangilio huo. Tofauti ikiwa ni asilimia 18 kamili, ulisahau VAT. Tofauti ikiwa ni ya kichwa kimoja, kuna mtoto amehamishiwa kwa watu wazima au dereva ameongezwa.

*Mtoto wa miaka 15 ni mrefu, mhudumu hamwamini.* Toa cheti cha kuzaliwa. Bila cheti huna hoja, na kubishana mbele ya mtoto mwenyewe kunamwaibisha bure. Kama cheti hakipo kabisa, anzeni kukifuatilia RITA miezi kadhaa kabla. Msisubiri wiki ya safari.

*Fedha imekatwa, risiti haijatoka.* Usilipe mara ya pili. Hifadhi ujumbe wa muamala, mwonyeshe mhudumu, mwache aangalie kwenye mfumo kwa ile namba ya kumbukumbu. Ikishindikana kwa saa nzima, piga simu kwa mtandao wako uombe hali ya muamala huo kabla ya kujaribu simu ya pili.

*Mmekwama mchangani ndani ya hifadhi.* Watoto wabaki garini, milango imefungwa. Punguza upepo wa matairi, jaribu taratibu kwa gia nzito, usikanyage mafuta kwa nguvu mpaka gari likalala kwa tumbo. Kama hamtoki, mpigie askari wa geti kwa namba mliyoichukua mlipoingia. Kama hamkuichukua, subirini gari la watalii lipite. Wakati wa kiangazi hupita. Mkiona mtachelewa saa ya kutoka, toeni taarifa mapema, kabla muda haujaisha.

*Barabara ya kusini imekatika mko njiani.* Mkiwa bado hamjafika Somanga, rudini Kilwa Masoko. Kuna malazi ya bei nzuri, kuna bahari, na kuna boti za kwenda magofu ya Kilwa Kisiwani, ambako ada nazo zimegawanywa kwa watu wazima na watoto, raia na wageni, ila gari halilipi kwa sababu linabaki bandarini. Kama mlishalipia chumba Mloka, mpigieni mwenye nyumba siku hiyohiyo kuomba kusogeza tarehe. Ada za hifadhi hamjapoteza kitu, maana mlikuwa hamjazilipa.